Ile namba ndefu chini ya faili: ni ya nini, na uichukue wapi?

Wiki iliyopita, baada ya kipindi cha asubuhi, msikilizaji wetu mmoja alitutumia ujumbe. Alikuwa amepakua programu ya simu, si kutoka Play Store bali kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe. Chini ya kitufe cha kupakua aliona neno SHA256 na mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Akauliza: "Hii ni namba ya siri? Naijaza wapi?"

Huijazi popote. Hiyo ni namba ya uhakiki. Mtengenezaji amelipigia faili lake lote hesabu, tangu mwanzo hadi mwisho, na jibu lake ni huo mstari wa herufi na tarakimu 64. Simu yako ikilipigia hesabu hiyo hiyo faili ulilopakua, inapaswa kupata jibu lile lile. Kikibadilika kitu kimoja tu ndani ya faili, jibu zima hugeuka. Tulijaribu kwa neno fupi: jibu la hello linaanza na 2cf24dba, lakini la Hello, yenye H kubwa, linaanza na 185f8db3.

Kwenye kompyuta ya Windows, hata ile ya pale steshenari, fungua dirisha la amri mahali faili lilipo uandike:

```
certutil -hashfile programu.apk SHA256
```

Kwenye simu ya Android yenye programu ya Termux, ukishairuhusu kusoma mafaili yako, amri ni hii:

```
sha256sum ~/storage/downloads/programu.apk
```

Mahali pa programu.apk weka jina la faili lako. Kisha linganisha mstari wote. Usiangalie mwanzo na mwisho tu, kwa sababu mjanja mwenye kompyuta nzuri anaweza kutengeneza faili ambalo herufi chache za mwanzo na za mwisho zinafanana na za faili halisi.

Msikilizaji wetu alilinganisha, zikakataa. Hapo usikimbilie kusema umeibiwa. Tulimwomba atazame ukubwa wa faili: tovuti ilisema MB 38, lake lilikuwa MB 21. Mtandao ulikatika katikati. Alilifuta, akapakua tena usiku, namba zikalingana. Kama faili lingekuwa limekamilika na namba bado zinapishana, tungemwambia alifute na asilifungue kabisa.

Basi amemaliza? Bado. Zikilingana, umejua kwamba faili ni lile ambalo namba hiyo inalisema. Hujajua ni nani aliyeiandika namba.

Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mfumo wa kompyuta unaotolewa bure. Hawakugusa kitufe kwa macho ya mtu. Walibadilisha tu kiungo kilicho nyuma yake, kikawapeleka watu kwenye seva nyingine iliyokuwa Bulgaria. Huko walipakua toleo la 17.3 Cinnamon lililopandikizwa programu haramu iitwayo Tsunami, inayompa mtu wa mbali uwezo wa kuitawala kompyuta yako. Mdukuzi alisema baadaye kwamba kwa muda fulani aliweka pia namba ya uhakiki ya faili lake bandia kwenye tovuti ile ile. Aliyehakiki kwa namba hiyo aliona kila kitu kimelingana sawasawa.

Fikiria mama amekutumia mzigo kwa basi, na ndani ameweka karatasi: mayai thelathini. Mtu akiufungua njiani akatoa kumi, ataandika karatasi nyingine ya ishirini. Lakini mama akikupigia simu akakutajia hesabu, huyo wa njiani hawezi kuifikia simu yenu. Namba iliyo ukurasa mmoja na faili ni karatasi ndani ya mzigo. Inakusaidia kujua kama mtandao ulikatika, basi. Na ile alama ya kufuli juu ya ukurasa haikuokoi, maana tovuti yenyewe ndiyo iliyoingiliwa.

Simu ya mama ni ipi, basi? Ni njia ambayo aliyeiteka tovuti hajaiteka. Miradi mingi huhifadhi mafaili kwenye seva za watu wengine. Pakua huko, lakini namba ichukue kwa mradi wenyewe. Kama unapakua kwenye tovuti ya mradi, itafute namba kwenye ukurasa wao ulio kwenye seva nyingine, au kwa mtu unayemwamini aliyeichukua siku za nyuma. Imara zaidi ni sahihi ya kidijitali, kwa sababu ufunguo wa kuitia hukaa kwa mtengenezaji, si kwenye tovuti. Hiyo tutaieleza siku yake.

Kuna jambo moja ambalo hata njia hizi haziligusi: mtengenezaji akiwa mwenyewe ndiye mwizi, namba italingana popote uitafute.

Msikilizaji wetu aliipata namba kwenye ukurasa wa mradi huo ulio kwenye seva ya kampuni nyingine. Ilikuwa ile ile, herufi kwa herufi. Ndipo akaiweka programu kwenye simu, ile ile anayopokelea fedha zake za mahindi.