Mazoezi kwa anayefanya kazi za zamu

Muuguzi anayejiandaa kwa mbio za kilomita 21 hawezi kufuata ratiba ya Jumatatu hadi Jumapili. Tuseme zamu zake ni mchana mara mbili, usiku mara mbili, kisha siku nne za kupumzika. Basi wiki yake ni ya siku nane, na mazoezi yapangwe kwa mzunguko huo.

Siku za zamu ya mchana anakimbia taratibu dakika 30, au anaacha. Kabla ya usiku wa kwanza anakimbia taratibu mchana, kisha analala kama saa moja na nusu. Kati ya usiku huo na wa pili hafanyi mazoezi. Muda wote ni wa kulala.

Kosa kubwa hutokea asubuhi anapotoka zamu ya mwisho. Anajiona huru, anavaa raba na kwenda mbio ndefu. Mwili haujapona, miguu inakuwa mizito, na hata barabarani umakini ni mdogo. Siku hiyo alale saa chache tu, atembee jioni, awahi kitandani. Mazoezi ya kasi yaje siku ya pili ya mapumziko, mbio ndefu siku ya nne.

Apime mapigo ya moyo kila akiamka, kabla ya kuinuka. Yakizidi kawaida yake kwa kumi hivi, au akiwa amelala chini ya saa tano, zoezi gumu ligeuzwe jepesi. Wala asilifidie kesho yake.