Doa la Maji Kwenye Viatu vya Swedi

Viatu vya swedi vikinyeshewa, kinachomuumiza mwenyewe si maji yenyewe bali alama inayobaki baada ya maji kukauka. Kiatu kilichokuwa na rangi moja safi kinatoka na mstari mweusi uliojipinda kuzunguka kidole, na ndani ya mstari huo ngozi imekuwa ngumu na kulala. Wengi hulichukulia doa hilo kama uchafu, wakalisugua kwa sabuni palepale lilipo. Kesho yake wanakuta mstari wa pili nje ya ule wa kwanza.

Kosa linaanzia hapo, katika kutojua doa la maji ni kitu gani. Swedi ni ngozi ya mnyama iliyotumiwa upande wa ndani, ule uliokuwa umegusana na nyama, kisha ikasuguliwa mpaka nyuzi zake zikasimama kama vinyweleo vifupi. Haina tabaka laini la juu kama lile la viatu vya kupaka kiwi, kwa hiyo tone la maji halitelezi. Linanyonywa. Ndani ya ngozi hiyo kuna rangi, mafuta na mabaki ya dawa zilizotumika kiwandani kuilainisha, pamoja na vumbi la njiani. Maji yakiingia huyeyusha sehemu ya vitu hivyo na kutembea navyo hadi pale unyevu unapokomea, na pale yanapokauka huviacha. Ni jambo lile lile unaloliona kwenye shati jeusi lililolowa jasho: chumvi haibaki katikati, inajipanga ukingoni.

Kwa hiyo doa la maji ni mpaka kati ya sehemu iliyolowa na sehemu iliyobaki kavu. Ukishalielewa hivyo, tiba yake haikushangazi tena. Unauondoa mpaka kwa kuhakikisha hakuna sehemu iliyobaki kavu karibu yake: unalowesha kidogo uso mzima kwa usawa, kisha unauacha ukauke polepole kwa pamoja. Lakini hiyo ni hatua ya mwisho. Kabla yake zipo mbili ambazo mara nyingi zinatosha peke yake, nazo ni kukausha vizuri na kupiga brashi.

Tuchukue jozi ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu, safari buti za swedi za rangi ya mchanga, kama zile ambazo Bata hutengeneza Limuru nchini Kenya. Zimepigwa na mvua ya masika jioni. Mbele zimelowa hadi kwenye matundu ya kamba, kisiginoni kuna matope, na upande wa nyuma umebaki mkavu.

Ukifika nyumbani, vua kamba, toa soli ya ndani kama inatoka, kisha ugandamize taulo jeupe au kitambaa cha pamba juu ya sehemu zilizolowa. Gandamiza na uinue, usifute. Ukifuta unalaza vinyweleo wakati vimelegea, navyo vitakaukia hapo hapo vilipolala. Matope yaache kama yalivyo. Tope bichi likisuguliwa linazama katikati ya nyuzi, lakini likikauka linageuka vumbi na kupukutika lenyewe.

Jaza ndani ya viatu karatasi nyeupe isiyo na maandishi au vitambaa vikavu, kiasi cha kurudisha umbo la kidole bila kuitanua ngozi. Gazeti halifai kwa viatu vya rangi nyepesi kwa sababu wino wake unaweza kuhamia kwenye bitana na hata kwenye ngozi. Baada ya saa moja au mbili karatasi hiyo itakuwa imenyonya maji mengi, kwa hiyo ibadilishe. Kisha vilaze viatu ubavu ili soli nayo ipate hewa, kivulini, mahali penye upepo.

Hapa ndipo viatu vingi huharibiwa. Mtu anataka kuvivaa asubuhi, hivyo anaviweka karibu na jiko la mkaa, nyuma ya friji, chini ya mashine ya kukaushia nywele au juani. Ngozi iliyolowa haistahimili joto kama ngozi kavu. Nyuzi zake hunywea na kugandana, mafuta yaliyokuwa yakiilainisha hupungua, na gundi iliyoshika soli hulegea. Kiatu kinatoka kigumu, pua imeinuka, na kwenye mikunjo kunaanza nyufa. Jua linaongeza la kwake: linapausha rangi upande mmja tu. Doa la maji linaondoka, ila ngozi iliyonywea kwa joto hairudi ilivyokuwa.

Wape viatu siku nzima na usiku wake. Katika msimu wa mvua, au pwani ambako hewa ina unyevu mwingi, huenda vikahitaji siku mbili. Feni inasaidia ikiwa mbali kidogo, maana inasogeza hewa bila kuleta joto. Ili ujue kama vimekauka, ingiza mkono na uguse ndani ya kidole kwa mgongo wa vidole vyako. Pakiwa baridi kuliko kisiginoni, maji bado yamo hata kama nje panaonekana pakavu.

Vikishakauka kabisa, ndipo brashi inapoingia. Iliyo bora kuanza nayo ni brashi ya nailoni au ile yenye mistari ya mpira laini. Brashi yenye nyuzi za shaba ipo kwa ajili ya sehemu sugu tu, na hutumiwa kwa mkono mwepesi. Ukikosa zote, mswaki mpya wenye nywele laini unafanya kazi, ilimradi haujawahi kuguswa na dawa ya meno.

Anza kwa kupiga brashi kuelekea upande mmoja, kutoka kisiginoni kwenda mbele, ili kuondoa vumbi na tope kavu. Usipofanya hivyo, hatua inayofuata itayasukuma ndani. Kisha rudi kwenye ukingo wa doa na upige mapigo mafupi ya kwenda na kurudi, urefu wa kidole kimoja hivi. Ukiangalia kwa karibu utaona vinyweleo vilivyogandana vikiachana kimoja kimoja, na ule weusi ukififia. Sehemu kubwa ya weusi huo haikuwa rangi. Ni nyuzi zilizolala na kugandana, na nyuzi zikilala hurudisha mwanga tofauti na zilizosimama. Maliza kwa kupiga tena upande mmoja ili uso wote uelekee sawa.

Mahali palipobaki pagumu, paguse kwa kifutio cheupe cha penseli. Kifutio cha rangi kinaweza kuacha rangi yake. Ukiona sehemu imeanza kung'aa na kuwa laini kama ngozi ya kawaida, simama mara moja: vinyweleo vinakatika hapo, na vikishaisha haviwezi kuoteshwa tena.

Kwa buti zetu, tuseme tope limetoka na ugumu umekwisha, lakini mstari wa mbele bado unaonekana. Sasa ndipo tunatumia maji. Kwanza jaribu sehemu isiyoonekana, kwa mfano chini ya ulimi wa kiatu: gusa kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikitoka na rangi nyingi, acha, umpelekee fundi anayejua kutia rangi swedi. Kikitoka safi au na rangi kidogo tu, endelea.

Nusu kikombe cha maji kinatosha jozi nzima. Pale ambapo maji ya bomba au kisima yana chumvi, tumia maji ya chupa, kwani chumvi huacha mstari wake mweupe. Chovya sponji safi, ikamue mpaka isidondoshe hata tone, kisha ipitishe kidogo kidogo kuanzia ukingo wa doa ukielekea nje. Usiishie katikati ya kipande cha ngozi. Endelea mpaka ufike kwenye mshono, kwa sababu mshono unaficha ukomo wa unyevu, na mstari mpya hautaonekana. Rangi ya kipande chote iwe imekolea kwa usawa, bila uso kumeremeta maji. Fanya hivyo kwa kipande kile kile cha kiatu cha pili pia, ili rangi zisije zikapishana. Halafu rudia yote: gandamiza taulo, jaza karatasi, weka kivulini siku nzima, piga brashi.

Kama mstari uliobaki ni mweupe, hiyo ni chumvi. Changanya siki nyeupe na maji kwa vipimo sawa, lowesha kitambaa kidogo sana, gusa mstari huo, kisha upitishe sponji ya maji kwenye kipande chote kama hapo juu.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kuguswa na maji kabisa. La kwanza ni doa la mafuta, liwe la chipsi au la mnyororo wa baiskeli. Maji hayayeyushi mafuta, yanakuongezea doa la pili tu. Limwagie poda ya mtoto au wanga wa mahindi, liache usiku kucha linyonye, kisha upige brashi. La pili ni swedi ya rangi mbili zilizoshonwa pamoja, hasa nyeusi au nyekundu kando ya nyeupe, kwa sababu rangi iliyokolea hukimbilia kwenye ile nyepesi. La tatu ni ndani ya kiatu. Chini ya soli ya ndani mara nyingi kuna ubao wa karatasi ngumu au kizibo, na vikilowa huvimba, hujikunja na kuachana na gundi. Kwa sababu hiyo kiatu cha swedi hakiloweki kwenye beseni wala hakiingii mashine ya kufulia. Sabuni ya unga, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na kiwi ya kopo navyo vikae mbali: viwili vya kwanza hula rangi, na kiwi hugandisha vinyweleo moja kwa moja.

Viatu vikishakuwa safi na vikavu kabisa, vipulizie dawa ya kuzuia maji iliyotengenezwa kwa swedi. Fanya hivyo nje, kwa umbali wa sentimita 20 hivi, tabaka jembamba, likauke, kisha la pili. Dawa hiyo inachelewesha maji, haiyazuii milele, na huhitaji kurudiwa kila baada ya kusafisha.

Doa la zamani ambalo rangi yake imekwisha kuhama halitoki lote kwa njia hii, na hapo kazi ni ya fundi wa rangi. Doa la wiki hii lina nafasi nzuri ya kutoka, mradi usiliwekee moto na usililoweshe peke yake. Kwa hiyo ukinyeshewa leo, viache viatu kivulini na kesho uvae vingine.