Jina Jipya, Mteja wa Zamani: Hesabu ya NCBA Ukiitazama kutoka Gatina

Karibu na stendi ya Gatina kuna kibanda cha bati chekundu. Mvua ikinyesha na rangi kulowa, herufi za jina la zamani hujitokeza chini ya zile mpya. Mwenye kibanda alianza kuuza kadi za simu enzi za Kencell, mwaka 2000. Mwaka 2004 Kencell ikageuka Celtel, 2008 ikawa Zain, na Novemba 2010 ikawa Airtel. Majina manne ndani ya miaka kumi, na kila mara fundi alikuja na brashi yake. Kwa muda huo wote Safaricom ilibaki Safaricom.

Tuanze na brashi hiyo, kwa sababu ndiyo gharama ambayo kila mtu huiona. Tuchukulie kampuni ina vibanda 10,000 nchi nzima na kila kimoja kinahitaji shilingi 6,000 za rangi na ufundi. Hizo ni milioni 60. Ukibadilisha jina mara tatu ni milioni 180. Ni fedha nyingi, lakini zina mwisho: rangi ikikauka umemaliza kulipa. Gharama inayoumiza ni ile ya mteja anayesimama mbele ya bango na kujiuliza kama hawa ni wale wale.

Nayo tuipigie hesabu. Sema kampuni ina wateja milioni 10 na inawatumia ujumbe mmoja wa simu kwa senti 50. Hiyo ni milioni 5 tu, rahisi kuliko rangi. Sasa sema katika kila wateja mia, mmoja haelewi ujumbe ule na anapiga simu kuuliza. Tayari una simu 100,000. Kila moja ikichukua dakika tano, ni dakika 500,000, yaani zaidi ya saa 8,300. Mhudumu anayepokea simu kwa saa saba kwa siku angehitaji siku 1,190 kuzimaliza. Ukitaka ziishe ndani ya mwezi, tafuta wahudumu 40 wasiofanya kazi nyingine yoyote. Na hawa ni wale waliojisumbua kupiga. Aliyeogopa akatoa pesa zake kimya kimya hayumo kwenye hesabu hii, wala yule aliyepigiwa na tapeli akiambiwa atume namba yake ya siri ili akaunti ihamishwe kwenye jina jipya.

Ndiyo maana muungano wa NIC na Commercial Bank of Africa, CBA, unastahili kutazamwa kwa makini. NIC ilianzishwa mwaka 1959 na CBA mwaka 1962. Benki Kuu ya Kenya iliidhinisha muungano wao Septemba 2019, na benki mpya ikaanza kazi chini ya jina NCBA. Wenye hisa wa CBA walipata asilimia 53 ya kampuni mpya na wa NIC asilimia 47. Katika umiliki walikuwa karibu sawa. Kwenye jina, hawakulingana. Soma herufi polepole: N, kisha CBA nzima, bila kukatwa. Hata namba ya benki inayotumika katika malipo ilibaki 07, ile ya CBA, ilhali NIC ilikuwa 41.

Kwa maoni yangu uamuzi wa kuibakiza CBA ulikuwa sahihi, ila si huo uliookoa fedha nyingi zaidi. Fedha ziliokolewa na jina ambalo halikuguswa kabisa. Tangu Novemba 2012, CBA kwa kushirikiana na Safaricom ilikuwa inaendesha M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya menyu ya M-Pesa. Unaweza kuweka akiba kuanzia shilingi moja. Ukikopa 1,000 kwa siku 30, ada ya wakati huo ya asilimia 7.5 ilikuwa shilingi 75 kabla ya ushuru. Mama anayeuza sukuma wiki Gatina anakopa alfajiri kabla ya kwenda sokoni, na hajawahi kuingia tawi lolote la CBA. Kwake benki inaitwa M-Shwari. Siku ile CBA ilipokwisha, alifungua menyu ile ile, akabonyeza pale pale, akapata pesa zake. Hakukuwa na swali la kuuliza, kwa hiyo hakukuwa na simu ya kupokea. Zile saa 8,300 zikawa sifuri kwa upande wake. Tanzania nako jina lililobaki mdomoni mwa wateja lilikuwa M-Pawa, huduma ya benki hiyo hiyo na Vodacom.

Mzigo uliobaki ulikuwa zaidi upande wa NIC, na hapo ulihitaji kazi ya mikono. NIC ilijulikana kwa mikopo ya magari. Mfikirie mwenye matatu ya Kawangware aliyekopa NIC mwaka 2018. Logibuku ina jina lake na jina la benki. Muungano haufuti deni wala haubadilishi masharti: haki na wajibu wa benki ya zamani huhamia kwa ile mpya. Lakini yeye anaona karatasi yenye jina la benki ambayo bango lake limeshang'olewa, na swali lake ni la haki: nikimaliza kulipa, nani ataliondoa hilo jina? Mtu huyu hatoshelezwi na tangazo la televisheni. Anataka barua inayotaja namba ya mkopo wake, jina la zamani na jipya katika sentensi moja, na tawi atakalokwenda siku ya mwisho.

Vivyo hivyo kwa mshahara. Mwajiri hutuma pesa kwa kufuata namba ya benki, ya tawi na ya akaunti. Mhasibu asipobadilisha faili lake, malipo yanaweza kukwama au kurudi. Hapa ndipo ningepima kama jina jipya limeshika: kila mwezi, ni malipo mangapi yanarudi kwa sababu ya maelezo ya zamani? Idadi ikishuka mwezi hadi mwezi, wateja wanahama nawe. Ikisimama palepale baada ya miezi sita, kuna kundi ambalo ujumbe haukulifikia, na afadhali kulitafuta kwa simu, mmoja mmoja, kuliko kununua mabango zaidi.

Jina la zamani lenyewe halifai kutupwa haraka. Nchini Kenya alama ya biashara husajiliwa kwa miaka kumi na huweza kuendelezwa, lakini isipotumika kwa miaka mitano mfululizo mtu anaweza kuomba ifutwe. Kulitaja jina la zamani kwa maandishi madogo chini ya jipya kwa mwaka mmoja au miwili kunamtuliza mteja, na ni bei nafuu sana ukilinganisha na wale wahudumu 40.

Ila hesabu hii ina upande mwingine. Menyu anayofungua mama wa sukuma wiki ni ya Safaricom. NCBA haikumpoteza, lakini pia haikujulikana kwake. CBA yenyewe iliona jambo hilo mapema, ikaanzisha Loop mwaka 2017, programu ya simu inayosimama kwa jina lake, na NCBA ikaiendeleza. Pale Gatina nilipomuuliza mama huyo anaweka akiba benki gani, alinionyesha simu. Nilipotaja NCBA, aliniuliza iko upande gani wa barabara.