Kwa nini maabara hupoza hewa kisha huipasha moto tena

Katika maabara ya kupima dawa, unga ukiachwa wazi mezani hufyonza unyevu wa hewani. Mizani inaonyesha gramu zilizoongezeka, na mpimaji anadhani ni dawa kumbe ni maji. Ndiyo maana vyumba vingi vya namna hii huwekwa kwenye nyuzijoto 23 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50. Nyuzi 23 si shida kuzipata. Shida ni hiyo asilimia 50, hasa katika mji wa pwani.

Asilimia hiyo haisemi hewa imebeba maji kiasi gani. Inasema imebeba sehemu gani ya mvuke inaoweza kuubeba kwa joto lililopo. Hewa ikipashwa moto bila kuongezewa maji, asilimia hushuka. Ikipozwa, hupanda hadi 100, kisha matone huanza kutoka. Kwa hiyo wahandisi huhesabu gramu za maji kwa kila kilo ya hewa kavu. Husoma gramu hizo kwenye chati iliyotokana na kazi ya Mmarekani Willis Carrier, aliyechapisha kanuni zake mwaka 1911. Mstari wa chini wa chati ni joto, wa pembeni ni gramu, na mkunjo wa juu kushoto ni hewa iliyoshiba maji.

Tuchukue maabara ya Dar es Salaam inayoingiza kilo 1 ya hewa ya nje kila sekunde. Hewa ya ndani hairudishwi, kwa sababu ina mvuke wa kemikali. Mchana wa joto, nje kuna nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65, yaani gramu 19.6 za maji kwa kilo. Chumba kinachotakiwa kina gramu 8.75 tu. Watu na vyombo vya maji humo ndani huongeza robo gramu kila sekunde, hivyo hewa inayoingia isizidi gramu 8.5.

Kazi hiyo hufanywa na koili, yaani mabomba yenye mapezi ambamo hupita maji yaliyopozwa. Kwenye chati, hewa inasogea kushoto, inaukaribia mkunjo, kisha inashuka nao ikidondosha maji. Ili zibaki gramu 8.5, lazima ipozwe hadi nyuzi 12 hivi. Koili huondoa joto la kilowati 48, na zaidi ya nusu yake ni joto la kugeuza mvuke kuwa maji. Maji yanayotiririka kwenye bomba la kutolea ni lita 40 hivi kwa saa.

Lakini taa, mashine na watu hutoa kilowati 5 tu. Hewa ya nyuzi 12 ikiingia hivyo hivyo, chumba kitatulia kwenye nyuzi 17, na unyevu utakuwa asilimia 73 hivi. Fundi akipunguza nguvu ya koili ili hewa itoke na nyuzi 18, chumba kitarudi kwenye nyuzi 23, lakini maji mengi yatabaki hewani na unyevu utakuwa karibu asilimia 73 vilevile. Koili peke yake haiwezi kutimiza masharti yote mawili.

Kwa hiyo baada ya koili huwekwa kipasha joto. Kinaitoa hewa kwenye nyuzi 12 hadi 18 kwa kilowati 6 hivi, bila kuongeza wala kupunguza tone. Kwenye chati ni mstari ulionyooka kwenda kulia. Hewa ikiishapokea joto la chumba, inatua penye nyuzi 23 na asilimia 50. Usiku, mashine zikizimwa na watu wakiondoka, joto la ndani hukosekana, na kipasha joto hulazimika kuifikisha hewa nyuzi 23 peke yake kwa kilowati 11. Anayekinunua kwa hesabu ya mchana atapata chumba baridi chenye unyevu kila alfajiri.

Mfumo huu pia huficha hitilafu. Tuseme maji ya koili yamepata joto kidogo, na hewa inatoka kwenye nyuzi 14 badala ya 12. Kipasha joto kitapunguza kazi na kipimajoto cha ukutani kitaendelea kusoma 23, huku unyevu ukipanda hadi asilimia 56 au 57. Kwa hiyo weka kipimajoto kati ya koili na kipasha joto, na unyevu ukipanda, kisome hicho kwanza.

Kupoza kisha kupasha moto ni gharama mara mbili, lakini kilowati hizo 6 si lazima zitoke kwenye umeme. Koili moja ikiwekwa kabla ya ile ya kupoza na nyingine baada yake, zikaunganishwa kwa maji yanayozungushwa na pampu ndogo, joto la hewa ya nje litaipasha hewa iliyokwisha kukaushwa. Hapo koili ya kupoza nayo inapunguziwa kilowati 6, kwa sababu hewa inaifikia ikiwa imeshapoa kiasi. Gharama inayobaki ni ya pampu, na ya feni kuisukuma hewa kupita koili mbili zaidi.