Stelingi au Adui? Kusoma Vazi la Mtoto Kwenye Sherehe

Mavazi mengi ya mashujaa ambayo watoto huvaa kwenye sherehe za siku ya kuzaliwa yalianzia katika vitabu vya katuni vya Marekani. Superman alitokea mwaka 1938, Batman akamfuata mwaka 1939, na Captain America na Wonder Woman wakaja mwaka 1941. Vitabu hivyo viliuzwa kwa bei ya chini na vilichapishwa kwenye karatasi ya gazeti, kwa wino mweusi na wino wa rangi tatu tu. Karatasi hiyo hunywa wino, kwa hiyo rangi kali zilionekana vizuri, huku rangi zilizofifia zikitoka chafu au zikibadilika kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Hulk ndiye ushahidi mzuri. Katika toleo lake la kwanza, mwaka 1962, alikuwa wa kijivu, lakini ukijivu wenyewe haukutoka sawasawa kila mahali, na kuanzia toleo la pili akawa wa kijani.

Hali hiyo ya uchapishaji ndiyo iliyowafanya wachoraji wategemee rangi chache zilizokolea na alama moja kubwa kifuani, ili msomaji amtambue mhusika hata akichorwa mdogo kwenye kona ya ukurasa. Vazi la mtoto limerithi mambo hayo mawili, na mtu mzima ambaye hajawahi kuona katuni hata moja anaweza kuyatumia kujua ni nani aliyeingia mlangoni.

Kwa kawaida, stelingi hupewa nyekundu, buluu na njano. Adui hupewa zambarau, kijani na rangi ya chungwa. Joker, adui wa Batman tangu mwaka 1940, ana suti ya zambarau, nywele za kijani, uso mweupe na midomo myekundu. Green Goblin, anayemsumbua Spider-Man, ni wa kijani na nguo zake ni za zambarau. Sinema za katuni zilifuata mkondo huohuo: katika filamu ya Disney ya mwaka 1937, Snow White ana sketi ya njano, blauzi ya buluu na utepe mwekundu kichwani, ilhali malkia mwovu amevaa gauni la zambarau na joho jeusi. Mtoto wa uso mweupe na pua nyekundu ya mviringo ni chale tu. Akivaa koti la zambarau na kupaka nywele kijani, amekuwa Joker.

Hata hivyo, kanuni hiyo isiaminiwe peke yake. Hulk ni wa kijani, tena suruali yake ni ya zambarau, na bado yuko upande wa wema. Green Lantern naye ni shujaa, na rangi yake imo kwenye jina lake. Rangi huonyesha pa kuanzia kutafuta, kisha mwili wenyewe wa vazi huangaliwa, na mpangilio unaosaidia zaidi ni kuanza na kichwa, kwenda mgongoni, kisha kifuani, na kumalizia na kilichoshikwa mkononi. Mkono huja mwisho kwa sababu inayojulikana na kila mzazi: baada ya keki kukatwa, upanga wa mtoto mmoja huwa tayari uko kwa mwingine.

Faida ya mpangilio huo inaonekana kwa watoto wanaovaa nyekundu na buluu, ambao kwa kawaida ni wengi kuliko wote. Kinyago kikifunika uso mzima, kikiwa na macho makubwa meupe na mistari ya utando, huyo ni Spider-Man, na mgongoni hana joho. Uso ukiwa wazi kabisa na joho jekundu likining'inia, huyo ni Superman, na herufi S kifuani huthibitisha. Msichana mwenye herufi hiyohiyo na sketi ni Supergirl, binamu yake. Kinyago kikifunika nusu ya juu ya uso na kuacha mdomo na kidevu, huku herufi A ikiwa kwenye paji la uso, ni Captain America. Kifuani ana nyota nyeupe na tumboni milia myekundu na myeupe. Taji la dhahabu lenye nyota, pamoja na bangili pana kwenye mikono yote miwili, ni Wonder Woman, na kamba ya dhahabu kiunoni ni yake. Thor huwachanganya wengi kwa sababu naye ana joho jekundu. Lakini nguo yake ya chini ni ya rangi nzito, mithili ya dirii, na nyundo yake ina kichwa cha mraba na mpini mfupi.

Ngao ya Captain America inastahili maelezo kidogo. Siku hizi ni ya duara, yenye pete nyekundu na nyeupe na nyota katikati ya buluu, na ndiyo inayouzwa kila mahali. Katika toleo la kwanza la mwaka 1941 ngao hiyo ilikuwa na ncha chini, kama ngao za askari wa kale wa Ulaya, na ikawa duara kuanzia toleo la pili. Mtoto aliyekatiwa boksi kwa umbo la zamani hajakosea.

Weusi ni mgumu zaidi, maana hapo stelingi na adui wanaweza kuvaa vazi lilelile. Spider-Man alivaa nyeusi mwaka 1984, vazi lenye buibui mkubwa mweupe ambaye miguu yake huzunguka hadi mgongoni. Katika hadithi, vazi hilo liligundulika kuwa kiumbe hai; Spider-Man alilivua, likampata mtu mwingine aliyemchukia, na mwaka 1988 akazaliwa adui anayeitwa Venom. Buibui mweupe alibaki kifuani. Kilichobadilika ni mdomo: Venom ana kinywa kipana chenye meno marefu, na mara nyingi ulimi uliotoka nje. Kwa hiyo kwenye vazi jeusi lenye buibui mweupe, kinyago ndicho kinachoamua. Kisipokuwepo, hakuna namna ya uhakika ya kuwatenganisha wawili hao, na muuzaji anayedai anajua anabahatisha.

Yupo pia Spider-Man wa tatu katika nyeusi, kijana aitwaye Miles Morales, aliyeanza kwenye katuni mwaka 2011 na kupata umaarufu mkubwa kwa filamu ya mwaka 2018. Mistari yake ya utando na buibui wake ni vyekundu. Katika filamu hiyo huvaa pia koti lenye kofia, kaptura na raba juu ya vazi, kwa hiyo mtoto anayeonekana kama amevaa nguo za kawaida juu ya za sherehe huenda amekusudia hivyo.

Black Panther ana mtego kama huo. Vazi lake ni jeusi, halina joho, na kinyago kina masikio mafupi ya chui. Batman naye ana masikio, lakini yake ni marefu na yamechongoka, ana joho ambalo ncha zake zimekatwa kama mabawa ya popo, na ana mkanda wa njano. Baadhi ya mavazi ya Batman ni ya kijivu na joho la buluu, kama katika katuni za zamani, na mengine ni meusi yote, kama katika filamu nyingi tangu mwaka 1989. Yote ni sahihi. Mtego wenyewe uko ndani ya filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Mfalme T'Challa huvaa mkufu wa makucha wa fedha na vazi lenye mistari ya rangi hiyo. Mpinzani wake, Killmonger, huchukua mkufu wa dhahabu, na vazi lake lina madoa ya dhahabu kama ya chui. Tofauti hiyo ni ndogo, na mzazi anaweza kununua la dhahabu kwa kuwa linang'aa zaidi, bila kujua kwamba amemvisha mtoto nguo ya adui.

Kuna kundi moja ambalo silaha na rangi husomwa pamoja, nalo ni la Kobe Ninja wanne. Katuni yao ya mwaka 1984 ilichapishwa bila rangi, na kwenye majalada ya rangi wote walifungwa vitambaa vyekundu machoni, hivyo msomaji aliwatofautisha kwa silaha. Kipindi cha televisheni na midoli ya miaka ya 1980 ndivyo vilivyogawa vitambaa: Leonardo buluu na panga mbili, Raphael nyekundu na visu vya ncha tatu, Donatello zambarau na fimbo ndefu, Michelangelo chungwa na virungu viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo. Mtoto akipoteza silaha, kitambaa kinatosha. Upanga wa mwanga wa Star Wars nao husomeka kwa rangi: nyekundu ni ya waovu kama Darth Vader, buluu na kijani kwa kawaida ni za Jedi.

Matatizo makubwa hutokea kwenye mavazi ya mtumba, ambayo mara nyingi hufika bila kinyago wala silaha. Hapo husaidia kuangalia lebo ya ndani ya kola. Ikiandikwa DC, mhusika ni wa kundi la Superman, Batman, Wonder Woman au Flash. Ikiandikwa Marvel, ni wa kundi la Spider-Man, Thor, Captain America au Black Panther. Lebo isiyotaja lolote kati ya hayo huenda ni ya vazi la kuiga, ambalo mtengenezaji wake amebadilisha alama makusudi, kama kuzungusha nyota au kupunguza mguu wa buibui.

Tuseme mezani kuna vazi la buluu lenye mkanda wa njano. Maandishi ya kifuani yamebanduka, na yamebaki mabaki mekundu na ya njano tu. Lebo inasema DC. Kwenye mabega yote mawili kuna vipande vya velkro ambavyo havishiki kitu. Velkro hiyo ndiyo alama ya joho lililopotea, na kwa kuwa Flash hana joho na vazi lake ni jekundu, na Batman angekuwa na kijivu au nyeusi, anayebaki ni Superman. Fundi cherehani anaweza kukata joho jingine kwa kitambaa chekundu chepesi, lifike magotini ili mtoto asilikanyage. Lirudishwe kwenye velkro ileile ya mabegani: kamba ya kufunga shingoni inaweza kumkaba mtoto joho likinaswa kwenye mlango au bembea, lakini velkro huachia likivutwa.