Bibi Harusi Asiye na Kichwa

Mpiga picha wa harusi anafungua tovuti yake mpya kwenye laptopu na kukuta bibi harusi hana kichwa. Kwenye bango la juu ya ukurasa kumebaki kifua cha gauni, shada la maua na mikono yenye hina. Anajaribu kwenye simu: uso umerudi, ila umebanwa ukingoni kulia. Faili ni lile lile, wala hakuna aliyeligusa kwa mkasi. Aliyekata ni kivinjari, tena kwa kutii maagizo haya:

```css
.bango {
  background-image: url("harusi.jpg");
  background-size: cover;
  background-position: center;
}
```

Neno `cover` linafanya kazi kama shuka ya kitanda. Shuka lazima ifike kingo zote nne; ikizidi upande mmoja, ziada inaning'inia. Tofauti ni kwamba kwenye ukurasa ziada hiyo haionekani kabisa.

Tuseme picha ina upana wa pikseli 1600 na kimo cha 1200, na uso wa bibi harusi uko pikseli 1100 kutoka kushoto na 300 kutoka juu. Bango la laptopu lina upana wa 1400 na kimo cha 350. Ili picha iujaze upana huo, inapunguzwa hadi 1400 kwa 1050, maana kivinjari hakiruhusiwi kuibonyeza ikapotoka. Kimo cha 1050 ndani ya nafasi ya 350 kinaacha ziada ya 700. Kwa kuwa agizo ni `center`, ziada inagawanywa sawa: 350 zinafichwa juu, 350 chini. Uso, ambao sasa uko kwenye pikseli ya 262, umefichwa pamoja na zile za juu.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia `contain`, ambayo huonyesha picha nzima bila kukata chochote. Kwenye bango hili picha inakuwa ndogo, 467 kwa 350, na nafasi inayobaki haikai wazi. Kivinjari kisipokatazwa huirudia picha kama vigae, na 467 inaingia mara tatu katika 1400. Harusi moja, bibi harusi watatu! `background-repeat: no-repeat` inawaondoa wawili, lakini inaacha nafasi tupu pande zote mbili. Kwa nembo ya duka hilo halina ubaya. Kwa bango la harusi linaonekana kama kazi iliyoachwa njiani.

Basi dawa ni kubaki na `cover` na kuhamisha mahali pa kukatia. Hapo ndipo asilimia za `background-position` zinapowachanganya hata wazoefu. Mtu akiandika 20% kwa wima, hasemi picha ianze asilimia 20 kutoka juu. Anasema asilimia 20 ya ziada ifichwe juu na zinazobaki zifichwe chini. Katika ile ziada ya 700, zinazofichwa juu ni 140 tu, kwa hiyo uso ulio kwenye 262 unaonekana wote.

Kwenye simu hesabu inageuka. Bango huko lina upana wa 360 na kimo cha 480, na picha inakuwa 640 kwa 480. Kimo kimetoshana, kwa hiyo ile 20% ya wima haifanyi lolote, hata ikiandikwa 90%. Ziada ya 280 iko kwenye upana. `center` inaficha 140 kila upande, na ndiyo maana uso ulikuwa ukingoni. Ikiwekwa 75%, zinafichwa 210 kushoto na 70 kulia, na uso unasogea ndani. Mstari mmoja unatosha vifaa vyote viwili, namba ya kwanza ikiitumikia simu na ya pili laptopu:

```css
background-position: 75% 20%;
```

Maandishi yaliyochorwa ndani ya picha yenyewe, kama majina ya maharusi kutoka ukingo hadi ukingo, hayaokolewi na asilimia yoyote. Hayo yaandikwe kwenye ukurasa, juu ya picha.

Kuna hitilafu nyingine inayofanana na hii lakini chanzo chake si hesabu. Mtu anaandika `background-size: cover`, kisha chini yake anaongeza `background: url("harusi.jpg")`. Agizo hilo fupi hurudisha kila kitu mwanzo: picha inabaki na ukubwa wake halisi na kuanzia kona ya juu kushoto. Kwenye laptopu utaonekana uso unaoishia kidevuni. Kwenye simu, ukuta mtupu. Kwenye kikaguzi cha kivinjari mstari wa `background-size` utakuwa umepigwa kistari katikati, ishara kwamba umefutwa na ule wa chini yake.