Toa matusi, acha namba za mita

Ankara ya maji imekuja na uniti 61 kwa nyumba ambayo kwa kawaida haizidi 15 kwa mwezi. Mwenye nyumba anaandika papo hapo: “Nyinyi ni wezi. Msoma mita wenu hafiki huku, mnakaa ofisini mnabuni namba. Mkithubutu kukata maji mtanitambua!”

Hasira yake ina sababu. Lakini barua hiyo imempa ofisa mambo mawili rahisi ya kujibu: kwamba mamlaka si wezi, na kwamba mteja anatoa vitisho. Uniti 61 hazikutajwa popote, basi hakuna anayelazimika kuzieleza.

Tuuendeleze mfano huu. Ankara inaonyesha usomaji wa nyuma ni 847 na wa sasa ni 908. Wiki moja baadaye mteja anafunua mita na kukuta 863. Mita nzima hairudi nyuma, kwa hiyo kesi yote imo humo. Kama ni wizi, makadirio au kosa la kuandika, yeye hajui, na akidai asichoweza kukithibitisha anaupoteza ushahidi alio nao. Barua yake mpya inasomeka hivi:

“Yah: Malalamiko kuhusu ankara ya Machi. Ankara yangu inaonyesha usomaji wa 908. Tarehe 8 Aprili mita ilisoma 863, kama picha iliyoambatishwa inavyoonyesha. Naomba kuelezwa usomaji wa 908 ulichukuliwa lini na kwa njia gani, na ankara irekebishwe. Nipo tayari kulipia uniti 16 zinazoonekana kwenye mita. Naomba huduma isisitishwe lalamiko hili likishughulikiwa, na nipate majibu ya maandishi kufikia tarehe 22 Aprili.”

Adabu imo, na hakuna dai lililopunguzwa. Wengine wakishapoa hupitiliza, wakaandika “samahani kwa usumbufu” na “kama mtaona inafaa”. Maneno hayo yanageuza haki kuwa fadhila, na tarehe ya majibu ndiyo hupotea kwanza.

Barua hupelekwa nakala mbili, moja ikarudi na muhuri wa mapokezi. Kwa Tanzania Bara, lalamiko lisipotatuliwa hupelekwa EWURA, mdhibiti aliyeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, na huko mteja hutarajiwa kuwa amekwisha kumlalamikia mtoa huduma. Atakayeisoma barua hiyo hakuwapo siku ya ugomvi.

Kabla ya kuituma, picha ikaguliwe tena: namba ya mita na tarakimu zake zionekane pamoja. Katika mita nyingi tarakimu nyeusi ndizo uniti, na nyekundu ni sehemu ya uniti. Ukizisoma zote kwa pamoja utalalamikia kosa lisilokuwapo. Na ikiwa mita yenyewe imepita 908, funga mabomba yote uitazame. Ikiendelea kuzunguka, maji yanavuja baada ya mita, na wa kuitwa kwanza ni fundi bomba.